Balbu moja imepungua, jirani yake imezidi: kutafuta kosa kwenye majina na misimbo ya bidhaa

Umemaliza kuhesabu mali na kwenye karatasi kuna mistari miwili iliyokaa jirani. Balbu ya wati 9 yenye mwanga wa njano: mfumo unasema 31, rafuni zipo 24. Balbu hiyohiyo yenye mwanga mweupe: mfumo unasema 18, rafuni zipo 25. Moja imepungua 7, nyingine imezidi 7. Wengi wetu hapo hurekebisha namba zote mbili, tukahamia rafu inayofuata, na hesabu ijayo tunakuta mambo yaleyale kwa namba nyingine.

Nitatumia balbu mpaka mwisho, kwa sababu ni bidhaa ndogo yenye matawi mengi. Kuna wati 5, 7, 9 na 12. Kuna kitako cha kuzungusha, E27, na kitako cha pini, B22. Kuna mwanga wa njano na mwanga mweupe. Zidisha 4 kwa 2 kwa 2, unapata aina 16, zote ndani ya maboksi yanayofanana kama mapacha. Ukiuza skrubu, rangi za kucha au nyaya za simu, badilisha tu maneno. Kosa ni lilelile.

Kwanza jiridhishe kwamba ni mchanganyiko, si upotevu

Jumlisha familia nzima. Kwenye mfumo, 31 na 18 ni 49. Rafuni, 24 na 25 ni 49. Hakuna balbu iliyotoka dukani bila kulipiwa. Kilichoharibika ni mgawanyo tu. Jumla ya rafuni ingekuwa pungufu, hilo lingekuwa tatizo lingine, na kubadilisha majina kusingelitibu.

Halafu mpe mtu mwingine ahesabu upya bila kumwonyesha namba za mfumo wala zako. Nimewahi kupoteza siku nzima nikitafuta kosa la kaunta, kumbe aliyehesabu alisoma maboksi manne ya njano kama meupe.

Hesabu ikithibitika, itazame tofauti yenyewe. Balbu zinakuja kwenye katoni za idadi maalumu, tuseme 10. Tofauti ikiwa 10 au 20 kamili, kosa limefanyika wakati wa kupokea mzigo: mtu ameingiza katoni nzima kwenye mstari usio wake. Ikiwa ni 7, 3 au 11, mara nyingi kosa limefanyika kaunta, balbu moja moja, kwa siku nyingi. Kipimo hiki hakina uhakika wa asilimia mia, maana 7 inaweza kuwa 10 iliyokosewa stoo na 3 zilizokosewa kaunta upande wa pili. Lakini kinakuambia uanzie wapi kuchimba.

Kaunta: jina limekatwa mahali pabaya

Hiki ndicho chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, na ni vigumu kukiona kwa sababu aliyeandika majina aliyaandika kwenye kompyuta pana, ambako kila kitu kinasomeka. Jina lilikuwa hili:

```
Balbu LED ya kuokoa umeme 9W E27 njano
```

Ni jina zuri kwa mtu anayelisoma lote. Hesabu herufi zake pamoja na nafasi: 38. Printa ya risiti ya karatasi ya milimita 58 kwa kawaida huandika herufi 32 kwa mstari, na mifumo mingi haishushi jina mstari wa pili, inalikata tu. Kwa hiyo kwenye risiti, balbu ya njano na balbu nyeupe zinatoka hivi:

```
Balbu LED ya kuokoa umeme 9W E27
Balbu LED ya kuokoa umeme 9W E27
```

Kisu kimepita palepale kabla ya neno pekee linalozitenganisha. Kwenye kioo cha keshia mambo ni mabaya zaidi. Tuseme kitufe cha bidhaa kina nafasi ya herufi 20. Herufi 20 za mwanzo za jina hili zinaishia kwenye “kuokoa”, kwa hiyo aina zote 16 zinaonekana kama kitu kimoja. Keshia ana foleni mbele yake. Atabonyeza kitufe cha juu, kwa kuwa bei ya njano na nyeupe ni ileile na hakuna atakayelalamika. Ndiyo maana kwenye mfano wetu nyeupe ndiyo iliyozidi rafuni na njano ndiyo iliyopungua: nyeupe iko juu kwenye orodha, inabonyezwa hata pale mteja anapoondoka na ya njano.

Usikisie kama hili linakuhusu. Toa orodha ya bidhaa kwenye mfumo, iweke kwenye Excel, majina yakiwa safu ya B. Kwenye C2 andika fomula ya kwanza, kwenye D2 ya pili, kisha ziburute zote mbili hadi chini:

```
=LEFT(B2,20)
=COUNTIF($C$2:$C$400,C2)
```

Badilisha 20 kwa idadi ya herufi unazoziona kweli kwenye kioo chako, na 400 kwa urefu wa orodha yako. Kila mstari wenye namba zaidi ya 1 kwenye safu ya D ni bidhaa ambayo keshia hawezi kuitofautisha na nyingine kwa kuisoma. Mara ya kwanza unapofanya hivi unaweza kuona aibu kidogo.

Kuliandika jina upya

Tupa maneno ambayo hayatenganishi chochote. “Ya kuokoa umeme” liko kwenye majina yote 16. Ni maneno ya tangazo, na mahali pake ni kwenye lebo ya rafu. Hata “LED” halina kazi kama huuzi balbu za aina nyingine. Yanayobaki yapange kwa utaratibu mmoja usiobadilika: kitu, nguvu, kitako, mwanga.

```
Balbu 05W B22 njano
Balbu 09W E27 njano
Balbu 09W E27 weupe
Balbu 12W E27 weupe
```

Kila jina lina herufi 19, yaani linaenea hata kwenye kitufe kidogo. Sifuri kabla ya 5, 7 na 9 si urembo. Kompyuta ikipanga majina kama maandishi, inalinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo 12W inakuja kabla ya 5W. Ukiweka 05W, orodha inapangika kama rafu yako ilivyopangika, na anayehesabu hashuki na kupanda kwenye karatasi.

Utaratibu peke yake hautoshi. Maneno nayo lazima yawe mamoja. Kwenye duka letu tulikuta “njano”, “manjano”, “ya joto” na neno la Kiingereza lililonakiliwa kutoka kwenye boksi, yote yakimaanisha mwanga uleule. Watengenezaji nao hawasaidii: kila mmoja ana neno lake la kuuita mwanga mweupe. Kinachosaidia ni namba. Kwenye maboksi mengi kuna namba ya kelvini, 2700K au 3000K kwa njano na 6500K kwa weupe. Pengine utaona namba ya tarakimu tatu kama 827 au 865. Tarakimu ya kwanza inahusu ubora wa kuonyesha rangi za vitu, na mbili za mwisho ni kelvini katika mamia: 27 ni 2700, 65 ni 6500. Anayepokea mzigo aangalie namba hiyo, asisome sifa zilizoandikwa na watu wa matangazo.

Hapa pana mtego mmoja. Ikija balbu ya 4000K, usiiingize kwenye “weupe” kwa sababu tu si ya njano. Aliyezoea 6500K ataiwasha nyumbani, ataona chumba hakifanani na jana, na atairudisha. Ipe neno lake, kwa mfano “kati”, na mstari wake.

Na hicho ndicho kipimo changu cha kuamua kama tofauti fulani inastahili mstari wake: je, mteja akipewa hii badala ya ile, atairudisha? Kitako kisichoingia, atarudisha. Mwanga tofauti, atarudisha. Boksi lililobadilishwa picha, hapana. Usifungue mstari mpya kwa ajili ya picha. Mtengenezaji tofauti? Inategemea. Kama wateja wako wanamtaja kwa jina, au bei zinatofautiana, basi ndiyo, na jina lake likae mwisho. Kama hawamtaji, kumtenganisha kunakuongezea mistari 16 mingine bila faida kwa keshia.

Unatumia skana, na bado zinachanganyika

Wenye skana hudhani majina hayawahusu. Kweli, mtengenezaji anayefuata utaratibu huipa kila aina msimbopau wake, na skana haisomi jina. Lakini mtazame keshia anapohudumia mteja mwenye maboksi matano, matatu ya njano na mawili meupe. Anachukua boksi la kwanza, analiskani, anaandika 5. Bei ni ileile, jumla ni sahihi, stoo imeharibika. Kama risiti na kioo vinaonyesha jina lililokatwa, si yeye wala mteja atakayegundua.

Chanzo cha pili ni mtengenezaji aliyechapa msimbopau mmoja kwenye maboksi ya rangi zote mbili. Jaribio lake ni la dakika moja: fungua programu yoyote ya kuandika kwenye kompyuta ya kaunta, skani boksi la kila aina, na ulinganishe tarakimu 13 zinazojitokeza. Mistari miwili ikifanana, huna njia ila kuchapa lebo zako mwenyewe na kuzibandika juu ya msimbopau wa boksi, si pembeni yake. Ukiuacha ule wa zamani wazi, utaskaniwa. Kwa lebo za ndani ya duka, tumia namba zinazoanzia kati ya 200 na 299. Mwanzo huo umetengwa na GS1, shirika linalosimamia misimbopau duniani, kwa matumizi ya ndani, kwa hiyo hautagongana na bidhaa ya mtengenezaji mwingine.

Mstari mmoja una hesabu hasi, mwingine umejaa na hauuziki

Hii ni dalili tofauti, ingawa wengi huiweka kapu moja na ile ya kwanza. Mfumo unasema balbu ya 9W E27 nyeupe zimebaki –4. Ukiendelea kushuka kwenye orodha unakuta mstari mwingine wa balbu hiyohiyo wenye 25, na haujawahi kuuza hata moja. Bidhaa moja imesajiliwa mara mbili: mzigo unapokelewa kwenye mstari mpya, mauzo yanatoka kwenye wa zamani, maana ndio uliofungwa kwenye msimbopau.

Mara nyingine ni mtu aliyetafuta “balbu nyeupe”, hakuiona kwa sababu imeandikwa “weupe”, akasajili upya. Hilo linaonekana kwa macho. Lakini kwenye duka letu misimbo iliyojirudia ilikuwa minne tu kati ya 16, na yote ilikuwa ya E27 nyeupe. Makosa ya watu hayachagui hivyo. Ukiona utaratibu wa namna hiyo, mshtaki Excel kwanza.

Misimbo ya zamani ilikuwa mifupi: wati, kitako, kisha N kama ni njano, na bila herufi kama ni nyeupe. Kwa hiyo 9W E27 ya njano ilikuwa 9E27N, na nyeupe ilikuwa 9E27. Mtu akatoa orodha ya mfumo kama faili la CSV, akalifungua kwa kulibonyeza mara mbili, akarekebisha idadi, akahifadhi, akalirudisha kwenye mfumo. Kwa Excel, 9E27 si msimbo. Ni namba: 9 ikifuatiwa na sifuri 27. Ikaiandika hivi, na ikaihifadhi hivyohivyo:

```
5E27    5.00E+27
7E27    7.00E+27
9E27    9.00E+27
12E27   1.20E+28
```

Zenye N mwishoni zilisalimika kwa sababu haziwezi kuwa namba. Za B22 nazo zilisalimika. Mfumo ulipopokea faili haukuutambua msimbo 9.00E+27, ukadhani ni bidhaa mpya, ukaifungulia mstari. Ugonjwa huohuo hula sifuri za mwanzo, 0012 ikawa 12, na hugeuza msimbo kama 3-4 kuwa tarehe. Wala si maduka tu yanayoumia: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha jina la jeni MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa inaligeuza la kwanza kuwa tarehe 1 Machi.

Usijaribu kuponya faili kwa kubadili safu iwe Text baada ya kuharibika. Utapata 9E+27, si 9E27. Maandishi ya awali hayapo tena. Rudi kwenye faili lililotolewa na mfumo kabla halijafunguliwa. Safari ijayo usilibonyeze mara mbili: fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua Do not detect data types, halafu pakia. Msimbo utaingia kama ulivyo.

Mistari ambayo tayari imejirudia, ibakize ile yenye msimbopau na historia ya mauzo. Hamishia idadi kutoka kwenye pacha wake kwa marekebisho yenye maelezo (25 jumlisha –4 inapaswa kukupa 21; hesabu rafuni kabla ya kuamini), kisha mzime pacha asionekane kwenye mauzo. Usimfute, maana risiti za kupokea mzigo zimefungwa kwake.

Kuwatafuta mapacha wasioonekana kwa macho, safisha misimbo kwanza. Nafasi iliyojificha mwishoni huufanya msimbo uonekane sawa kwako na tofauti kwa mfumo. TRIM peke yake haiondoi ile nafasi ngumu inayokuja ukinakili kutoka kwenye kurasa za mtandao, ndiyo maana SUBSTITUTE ipo:

```
=UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))
```

Kisha tumia COUNTIF juu ya safu hiyo safi, kama ulivyofanya kwa majina.

Msimbo ambao hauwezi kusomwa vibaya

Baada ya yote hayo tuliamua hivi:

```
BLB-09-E27-NJ
BLB-09-E27-WE
BLB-12-B22-NJ
```

Unaanza na herufi, kwa hiyo hakuna programu itakayouona kama namba. Vipande vyake vinafuata mpangilio wa jina, hivyo anayejua jina anaweza kuubashiri msimbo. Rangi tulitaka kwanza tuipe N na M, njano na mweupe, tukaacha baada ya kujaribu kusomeana kwa simu: sikioni N na M ni kitu kimoja. Tukafikiria kelvini, 27 na 65, tukapata BLB-09-E27-27, na hakuna aliyetaka kuisoma mara mbili. Herufi O na I tumeziepuka kabisa kwa sababu ya 0 na 1.

Kuna vitu tulivyokataa kuviweka ndani ya msimbo: bei, jina la msambazaji, na namba ya rafu. Vyote hivyo hubadilika wakati balbu yenyewe haijabadilika, na siku vikibadilika utakuwa na msimbo unaodanganya au kazi ya kuubadilisha kila mahali. Aina ikikoma kuuzwa, msimbo wake unastaafu nayo. Ukiipa balbu mpya msimbo wa marehemu, ripoti ya mauzo itakuambia kwamba bidhaa ya mwezi uliopita ina historia ya miaka mitatu. GS1 wenyewe waliacha kuruhusu namba za misimbopau kutumika tena tangu mwisho wa 2018.

Badilisha familia moja kwa siku, baada ya kufunga. Hesabu, badilisha jina na msimbo kwenye mstari uleule uliopo bila kufungua mpya, chapa lebo ya rafu, skani boksi moja la kila aina kujaribu, kisha chapa risiti moja na uisome kama mteja.

Kilichobaki baada ya majina kunyooka

Tulihesabu balbu tena baada ya wiki nne. Njano ilikuwa imepungua 2, nyeupe imezidi 2. Majina sasa yalisomeka, skana ilikuwa sawa, na jumla ililingana. Tukaweka daftari kando ya kaunta, na siku ya tatu likatueleza: mteja amerudi na balbu ya mwanga asioutaka, keshia amempa nyingine ya bei ileile, ameweka iliyorudi rafuni, na hakuna kilichoingizwa kwenye mfumo. Jina halikuwa na kosa lolote pale. Sasa kubadilishana nako kunapitishwa kwenye mfumo, kurudisha moja na kuuza moja, hata kama bei ni sawa na keshia anaona ni kazi bure.